Namba 04, 07 na 02 kwenye inverta moja: kisa cha duka la steshenari Bagamoyo

Duka linalozungumziwa hapa ni la steshenari, lipo mjini Bagamoyo, na kipato chake kikubwa kinatokana na fotokopi, kuchapa barua na kulamineti vyeti. Lina inverta ya 24 V yenye ukubwa wa 3 kVA na betri mbili za AGM, kila moja ikiwa ya 12 V na 200 Ah, zilizounganishwa mfululizo. Hakuna paneli za jua. Betri huchajiwa na umeme wa gridi unapokuwepo. Mwaka wa kwanza mfumo huo ulifanya kazi bila usumbufu wowote. Baadaye inverta ikaanza kuzima yenyewe, na kila ilipozima iliacha namba kwenye kioo chake: mara nyingi 04, asubuhi nyingine 07, na alasiri chache 02. Niliitwa baada ya fundi aliyetangulia kutoa uamuzi kwamba betri zimekufa na bodi ya inverta imechoka, hivyo vyote vibadilishwe. Mwenye duka alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya betri mpya.

Inverta hiyo ni ya muundo unaojulikana kama Axpert, uliobuniwa na kampuni ya Voltronic ya Taiwan na kuuzwa kwa majina mengi ya biashara, ndiyo maana mtu anaweza kukuta namba zilezile kwenye inverta mbili zenye nembo tofauti. Katika muundo huo, 04 maana yake volti ya betri imeshuka mno, 07 maana yake mzigo umezidi uwezo kwa muda mrefu kuliko unaoruhusiwa, na 02 maana yake joto la ndani limepita kiwango. Mwenye inverta ya muundo mwingine afungue kitabu chake kwanza, kwa sababu namba hizi si za wote. Hata hivyo, zile hali tatu zenyewe zipo kwenye kila inverta, na namna ya kuzifuatilia haibadiliki.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba inverta haiijui betri. Inachokijua ni volti iliyopo kwenye teminali zake yenyewe, mkondo unaopita ndani yake, na joto la vipande vichache vyenye vihisi. Inapoandika 04 haisemi kwamba betri imeisha. Inasema kwamba volti iliyoifikia imeshuka chini ya kiwango ilichopangiwa. Kati ya kichwa cha betri na teminali ya inverta kuna kebo, lagi, yaani kipande cha chuma kinachobanwa mwishoni mwa kebo ili ifungwe kwa bolti, bolti yenyewe na pengine sakiti breka, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kula sehemu ya volti njiani. Fundi aliyetangulia alisoma namba akaihukumu betri, wakati namba ilikuwa inazungumzia mwisho wa kebo.

Kabla ya kutoa mita kwenye mkoba nilimwomba mwenye duka anieleze inverta inavyozima, kwa sababu namba ni nusu tu ya taarifa. Katika muundo huu namba inayowaka na kuzimika ni onyo, na mfumo unakuwa bado unatoa umeme. Mlio nao una maana: kwa betri iliyo chini unasikika mara moja kila sekunde, na kwa mzigo uliozidi unasikika kila nusu sekunde, kwa hiyo aliyezoea anaweza kutofautisha mambo haya mawili akiwa chumba cha pili. Namba iliyotulia, pamoja na taa nyekundu isiyopepesa na mlio usiokatika, ni hitilafu kamili, na hapo umeme wa kwenda kwenye mashine unakuwa umeshakatwa. Mtu akiniambia "iliandika 04" bila kusema kama ilikuwa inapepesa au imetulia, inanibidi kumuuliza tena.

"Dada, umeme ukikatika, inverta inakaa muda gani kabla haijazima?"

"Haina muda maalumu, fundi. Siku nyingine saa nzima, siku nyingine dakika tano tu. Na nikiizima nikaiwasha tena, inaonyesha betri imejaa."

"Wakati inazima, mashine gani inakuwa kazini?"

"Fotokopi. Hasa ikiwa ilikaa bila kazi, halafu mteja akaja nikaiamsha."

Majibu hayo mawili yalinisaidia kuliko namba yenyewe. Betri ambayo kweli imeisha haijazi tena ndani ya dakika moja kwa sababu tu inverta imezimwa na kuwashwa. Volti inayoporomoka mzigo unapoingia na kurudi juu mzigo unapotoka inaonyesha moja kati ya mambo mawili: ama betri ina udhaifu ndani yake, ama kuna kikwazo njiani. Nayo fotokopi, inapoamka, huwasha kwanza roli lake la joto, na hiyo ndiyo sehemu inayokula umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote dukani. Kwenye kibao cha mashine ile kiwango cha juu kilikuwa 1,400 W. Karatasi zikishaanza kutoka, matumizi hushuka na kupanda kwa vipindi kadiri roli linavyopoa na kupashwa upya.

Nilianza na 04 kwa kuwa ndiyo iliyojitokeza mara nyingi zaidi, na pia kwa sababu volti mbovu upande wa betri huweza kuzaa matatizo mengine. Kipimo cha kwanza nilikichukua mashine zote zikiwa zimezimwa: multimita ikiwa kwenye volti za DC, ncha moja kwenye kichwa chanya cha betri ya kwanza na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri ya pili. Ilisoma 25.4 V. Kwenye teminali za inverta ikasoma 25.4 V vilevile. Hapo ndipo mafundi wengi huishia, wakaandika kwamba kebo ni nzima. Kipimo hicho hakithibitishi lolote kuhusu kebo, kwa sababu mkondo usipopita hakuna volti inayopotea, hata kama lagi imeshikiliwa na nyuzi chache tu za shaba.

Kipimo chenye maana kinahitaji mzigo mkubwa usiobadilikabadilika. Fotokopi haifai kwa sababu roli lake huwaka na kuzimika lenyewe, na pasi ya umeme haifai kwa sababu hiyohiyo. Nilitumia birika la umeme la 1,500 W lililojaa maji, kwa kuwa linavuta kiasi kilekile tangu linapowashwa hadi maji yanapochemka, na hapo katikati fundi anapata dakika kadhaa za kupima bila haraka. Tulikata umeme wa gridi kwenye breka ya inverta ili mzigo wote uangukie kwenye betri, tukawasha birika, nikarudia vipimo vilevile.

Kwenye vichwa vya betri mita ilisoma 23.6 V. Kwenye teminali za inverta ilisoma 21.5 V. Volti 2.1 zilikuwa zinapotelea njiani.

Hesabu yake si ngumu. Inverta hupoteza sehemu ya nishati katika ubadilishaji; tukichukua kwamba inatoa 90% ya inachopokea, ili kutoa 1,500 W inahitaji kupokea takribani 1,670 W, na kwa 21.5 V hiyo ni kama 77 A. Volti 2.1 zikizidishwa kwa 77 A zinakuwa zaidi ya 160 W zinazogeuka joto kwenye kebo na maungio yake badala ya kuifikia inverta. Sasa fotokopi ikiamka pamoja na kompyuta, friji na vinginevyo, jumla ikafika 2,000 W, mkondo unapita 100 A, na upotevu unakaribia volti 3. Betri yenyewe inakuwa imeshuka hadi kama 23.3 V, lakini inverta inaona 20.4 V. Kiwango cha kukata, ambacho katika muundo huu hupangwa kwenye programu namba 29 ya menyu ya mipangilio, kilikuwa 21.0 V. Inverta ikakata umeme na kuandika 04, kama ilivyotakiwa. Baada ya kukata, mkondo ukaisha, volti zilizokuwa zinapotea zikarudi, na mwenye duka alipoangalia kioo akaona betri imejaa. Kiwango hicho cha 21.0 V nacho kilikuwa kimeshushwa na fundi aliyetangulia kutoka 22.0 V, akitumaini kwamba 04 itakoma. Ilipungua kwa wiki chache, kisha ikarudi, kwa sababu ungio bovu huwa linazidi kuharibika kwa joto lake lenyewe.

Kabla ya kuisafisha betri na tuhuma nilipima kila moja peke yake huku birika likiendelea kuwaka. Ya kwanza ilisoma 11.8 V, ya pili nayo 11.8 V. Kama mojawapo ingeshuka hadi 10.6 V wakati mwenzake yuko 12.4 V, ningejua kwamba iliyoshuka ina seli iliyokufa, na hapo ushauri wa kununua betri ungekuwa sahihi. Kipimo hicho huchukua nusu dakika, na sioni sababu ya mtu yeyote kuuziwa betri kabla hakijafanyika.

Lililobaki lilikuwa kutafuta mahali zilipopotelea volti 2.1. Njia yake ni kupima juu ya kila kipande, yaani kuweka ncha zote mbili za mita kwenye upande uleule, chanya kwa chanya, moja kabla ya ungio na nyingine baada yake. Ungio zima husoma karibu na sifuri hata mkondo ukiwa mkubwa. Nilianza na urefu wa kebo yenyewe, kutoka shaba hadi shaba. Ilikuwa ya milimita za mraba 16, na kutoka kwenye betri hadi kwenye inverta ilikuwa na mita 4, yaani mita 8 ukihesabu kwenda na kurudi. Kebo ya shaba ya kipimo hicho na urefu huo ina ukinzani wa kama milioomu 8.6, na kwa 77 A inakula karibu 0.66 V. Mita ilisoma hivyohivyo. Hiyo ilikuwa kasoro ya usanifu: kebo nyembamba mno kwa inverta ya 24 V, tena ndefu bila sababu, kwa kuwa betri ziliwekwa chini ya meza ya mbele na inverta ikatundikwa ukuta wa nyuma. Hata hivyo, kebo peke yake isingeweza kuizima inverta.

Kisha nikaweka ncha moja kwenye kichwa cha risasi cha betri, upande chanya, na nyingine kwenye shaba ya kebo pale inapoingia kwenye lagi. Mita ikasoma 1.1 V. Ungio moja tu lilikuwa linakula zaidi ya nusu ya upotevu wote, na kwa 77 A hizo ni kama 85 W za joto zilizojikusanya mahali padogo kuliko kidole gumba. Maungio mengine yote, pamoja na breka, yaligawana zile 0.3 V zilizobaki. Plastiki ya kebo karibu na lagi hiyo ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kuwa ngumu, lakini mpira mweusi uliofunika kichwa cha betri ulikuwa umeficha yote hayo.

Tulizima mzigo, tukazima inverta kwa swichi yake, tukahakikisha gridi imekatwa, tukafungua breka ya betri, ndipo nikafungua bolti. Utaratibu huo haupaswi kurukwa. Betri za ukubwa huu zikipigwa shoti na spana hutoa mkondo unaoweza kuyeyusha chuma, kwa hiyo pete na saa ya chuma vivuliwe, na spana izungushiwe tepu ya umeme ibaki wazi mdomo tu. Inverta yenyewe haikufunguliwa na haikuwa na haja ya kufunguliwa. Kapasita zake hubaki na chaji baada ya kuzimwa, na si mahali pa mtu asiye na mafunzo. Lagi ilipotoka, kebo ilichomoka kwa kuvutwa na mkono. Ilikuwa imebanwa kwa kupigwa nyundo badala ya koleo la kubania lagi, nusu ya nyuzi zilikuwa hazijaguswa na mbano, na zilizoguswa zilikuwa zimepata kutu ya kijani. Hewa ya chumvi ya pwani huharakisha jambo hili, lakini chanzo ni ile nyundo.

Marekebisho yalikuwa kuhamisha betri hadi chini ya inverta, pembeni kidogo, ili kebo iwe na mita 1.5, na kutumia kebo ya shaba ya milimita za mraba 50 yenye lagi zilizobanwa kwa koleo lake na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Vichwa vya betri vilisuguliwa kwa brashi ya waya hadi risasi ikang'aa, bolti zikakazwa vizuri. Tulirudia kipimo cha birika: 23.7 V kwenye betri, 23.5 V kwenye inverta. Programu 29 ikarudishwa 22.0 V, kwa sababu kiwango cha kukata kipo kuilinda betri isinyonywe kupita kiasi, nacho hakipaswi kuteremshwa ili kunyamazisha mlio.

Ungio lile lilikuwa na dhambi ya pili ambayo mwenye duka asingeweza kuiona. Mkondo wa kuchaji ulikuwa unapita njia ileile kwa kurudi, na inverta wakati wa kuchaji huona volti ya teminali zake ikiwa juu kuliko ile iliyopo kwenye betri. Ilipokuwa inapeleka 60 A, tofauti ilikuwa kama 1.6 V. Chaja ilifikiri betri imekaribia kilele, ikaanza kupunguza mkondo mapema, na betri ikachukua saa nyingi zaidi kujaa. Katika juma lenye kukatika umeme mara kwa mara, betri hizo zilikuwa zinaingia kazini kabla ya kushiba. Ndiyo maana muda wa kukaa haukuwa na mpangilio: siku nyingine saa nzima, siku nyingine dakika tano.

Kampuni ya Victron, kwenye inverta zake kama MultiPlus, imeliwekea tatizo la aina hii ishara maalumu: taa ya betri na taa ya mzigo zikipepesa kwa pamoja, maana yake volti ya betri inayumba kupita kiasi kwenye teminali, na kitabu chao kinamwelekeza mtu akague kebo na maungio ya betri. Muundo wa Axpert hauna ishara hiyo, kwa hiyo tatizo hujificha ndani ya 04, na fundi hana budi kulitoa kwa mita.

Namba 07 ilikuwa na hadithi rahisi zaidi. Mwenye duka alikuwa ameelezwa kwamba inverta ya 3 kVA inabeba 3,000 W, na kwa hesabu hiyo aliona hajaizidisha sana. Lakini katika inverta hii 3 kVA ni 2,400 W. Ile kVA na kilowati hazilingani, na takwimu ya wati ipo kwenye kibao cha ubavuni kwa maandishi madogo. Nilisoma vibao vya mashine zote: fotokopi 1,400 W, printa ya leza 900 W, mashine ya laminesheni 400 W, friji ya soda 150 W, kompyuta mbili kama 200 W, feni 60 W. Jumla 3,110 W, karibu 130% ya uwezo. Muundo huu huvumilia mzigo wa kati ya 110% na 150% kwa sekunde 10, na unaofika 150% au zaidi kwa sekunde 5, kisha hukata.

Kwa nini basi 07 ilionekana asubuhi tu? Kwa sababu asubuhi duka linapofunguliwa na umeme haupo, swichi kuu inawashwa na mashine zote tatu zenye joto zinaanza kupashwa kwa pamoja. Mchana zinapishana, na mara chache tu maroli mawili huwaka kwa sekunde zilezile. Siku ambazo gridi ipo, mzigo hupita moja kwa moja kutoka gridi bila kubadilishwa kutoka kwenye betri, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo. Mtu anayekutana na 07 aanze kwa kuchomoa kila kitu na kuwasha inverta bila mzigo. Ikitulia, tatizo liko kwenye mzigo, na vifaa virudishwe kimoja kimoja huku akiangalia asilimia kwenye kioo. Ikiandika 07 wakati hakuna kilichochomekwa, hapo ndipo inaruhusiwa kuishuku inverta yenyewe au waya za ukutani zilizounganishwa nayo.

Katika duka hili printa ya leza na mashine ya laminesheni zilihamishiwa kwenye soketi za gridi pekee. Fotokopi ile inaweza kuchapa kutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo umeme ukikatika kazi ya kuchapa inaendelea, na laminesheni inasubiri. Mzigo wa juu ukabaki 1,810 W, sawa na 75%. Kompresa ya friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya zile 150 W kwa nukta chache, na nafasi iliyobaki inaitosha. Kulikuwa na jambo moja la kurekebisha kwenye mpangilio: programu 06 ilikuwa imeruhusu inverta ijiwashe yenyewe baada ya kuzimwa na mzigo. Kwenye duka lenye friji sipendi hilo liwe limewashwa, maana mzigo ukiwa haujatolewa, inverta itaendelea kuzima na kuwaka, na kompresa inayolazimishwa kuanza kabla ya presha yake kushuka haidumu.

Baada ya kebo na mzigo kushughulikiwa, nilitarajia 02 ipungue, na ilipungua. Wati zilezile zikihitajika kwa volti ndogo, mkondo unaongezeka, na joto kwenye swichi za ndani hukua kwa mraba wa mkondo. Kati ya 24.0 V na 20.8 V mkondo unaongezeka kwa karibu 15%, lakini joto hilo linaongezeka kwa kama theluthi. Kuondoa upotevu kwenye kebo kulikuwa kumeipunguzia inverta kazi. Lakini 02 haikutoweka, ilitokea tena alasiri moja, na mwenye duka, safari hii, alikuwa ameandika saa na hali: ilikuwa kama nusu saa baada ya umeme kurudi, inverta ikiwa inachaji.

Watu wengi hudhani inverta hupata joto inapotoa umeme tu. Inapochaji, sehemu zilezile hufanya kazi kwa upande wa pili, na kuchaji betri za 24 V kwa 60 A ni kupitisha zaidi ya 1,600 W. Kwa betri za 200 Ah mkondo huo ulikuwa mkubwa bila ulazima. Tuliushusha hadi 30 A kwenye programu 11, inayohusu kuchaji kutoka gridi. Betri huchukua muda mrefu zaidi kujaa, lakini inverta inapumua, na betri nazo hazipati joto.

Kilichobaki kilikuwa hewa. Kitabu cha muundo huu kinataka nafasi ya sentimita 20 kila ubavu na sentimita 50 juu na chini. Inverta ilikuwa imetundikwa kati ya rafu mbili, karibu na paa la mabati lisilo na dari, na maboksi ya karatasi za A4 yalikuwa yamepangwa hadi kugusa sehemu yake ya chini. Niliposhika tochi nikaangaza matundu, niliona blanketi la kijivu: nyuzinyuzi za karatasi zikiwa zimechanganyika na unga wa tona, zimeshikana kwenye wavu mbele ya feni. Feni zilikuwa zinazunguka vizuri, na ndiyo maana namba 01, ambayo huonyesha feni iliyokwama, haikuwahi kutokea. Zilizunguka bila kupata cha kuvuta. Anayeona 02 na aanze na mambo hayo mawili kwa mpangilio huo, yaani kusikiliza kama feni zinazunguka na kuweka kiganja pale hewa inapotokea. Feni ikisikika lakini kiganja hakihisi upepo, njia imeziba. Vumbi liliondolewa kwa brashi laini na hewa ya kupuliza kutoka nje, inverta ikiwa imezimwa na betri imekatwa, na maboksi yakahamishwa. Inverta yenyewe ilishushwa chini ya usawa wa rafu, mbali na mabati, kwa kuwa saa nane mchana hewa ya juu chini ya bati lisilo na dari ni ya moto kuliko inayohisiwa na mtu aliyeketi.

Niliacha karatasi imebandikwa kando ya kioo, yenye safu za kuandika namba, kama ilipepesa au ilitulia, saa, gridi ilikuwepo au haikuwepo, volti na asilimia ya mzigo, na mashine zilizokuwa kazini. Mwenye duka ameendelea kuijaza. Namba iliyotokea zaidi tangu hapo ni 04 ya kupepesa, jioni, baada ya saa mbili na zaidi za kukatika umeme na kazi nyingi ya fotokopi. Betri hizi mbili kwa pamoja zina takribani 4,800 Wh, na zikitumika hadi nusu, kwa wastani wa 800 W na ukiondoa 10% inayopotelea kwenye inverta, ndiyo saa mbili na dakika arobaini hivi. Nilipopita kupima wakati onyo hilo linapepesa, tofauti kati ya betri na inverta haikufika hata 0.2 V. Safari hii ni betri yenyewe iliyoshuka, na kinachotakiwa ni kuzima fotokopi hadi umeme urudi.